Gumzo la mkesha mubashara: sekunde za kusubiri na watu wa kuaminiwa

Ibada ya mkesha wa mwaka mpya ikirushwa mubashara YouTube, gumzo la pembeni huenda taratibu mpaka kama saa tano na nusu usiku. Baada ya hapo linakimbia kama maji ya bomba lililopasuka. Kila mtu anataka heri yake ya mwaka mpya isomwe, na ujumbe unapita juu ya skrini kabla jicho halijaushika. Tapeli anaingia saa hiyo, haji saa mbili. Anatumia jina la kanisa na picha ileile ya kanisa, anaandika: "Mbarikiwe. Sadaka ya mkesha tuma kwenye namba hii." Sentensi hiyo Watanzania wanaijua kutoka kwenye meseji za simu, hapa imevaa kanzu tu.

Chaneli nyingi zikifikwa na hali hiyo hukimbilia kuwasha Slow mode na kudhani kazi imekwisha. Slow mode haimchagui mwovu. Inamlazimisha kila akaunti isubiri idadi fulani ya sekunde kabla ya kuandika tena, kuanzia 1 mpaka 300, na tapeli anahitaji ujumbe mmoja tu. Faida yake iko kwingine: inapunguza kasi ya gumzo mpaka binadamu aweze kulisoma. Kwa hiyo sekunde zinapangwa kwa kuangalia una wasomaji wangapi, si kwa kuangalia umekasirika kiasi gani.

Tuseme watazamaji ni 3,000 na wanaoandika ni 300. Ukiweka sekunde 15 na kila mmoja akatumia zamu yake, zinaweza kuingia meseji 20 kwa sekunde. Ukiweka 60, ukomo unashuka hadi 5. Kwa kawaida si wote wanaotumia kila zamu, na nusu yao wakiandika unabaki na meseji mbili au tatu kwa sekunde. Msimamizi mmoja aliyetulia husoma meseji fupi moja hivi kwa sekunde bila kuchoka upesi, kwa hiyo sekunde 60 zinataka wasimamizi watatu. Ukiwa na mmoja tu, nenda 180. Saa tatu usiku, gumzo likiwa jepesi, 10 zinatosha. Badilisha ibada ikiendelea: kwenye Live Control Room fungua Edit, kisha Customization. Usingoje saa sita kamili. Panda dakika kumi kabla.

Sekunde nyingi zina gharama yake, na kwetu gharama hiyo inaanzia kwenye salamu. Mtu wetu haulizi kabla ya kusalimia. Anatuma "Bwana Yesu asifiwe, nipo Mbeya", halafu ndipo aandike ombi lake, akute ameambiwa asubiri. Dakika ikiisha mhubiri ameshahamia jambo lingine. Dawa ni ujumbe uliobandikwa juu ya gumzo tangu mwanzo: "Andika salamu na ombi lako katika ujumbe mmoja." Na katika ujumbe huohuo ongeza: "Hatuombi sadaka kwenye gumzo. Namba ya sadaka iko kwenye skrini ya video peke yake." Sentensi hiyo ya pili inamrahisishia msimamizi kazi, maana namba yoyote ya simu ikitokea kwenye gumzo ni ya kufuta, hakuna haja ya kujadiliana.

Kuna jambo ambalo Slow mode haiwezi kabisa. Inahesabu akaunti, haihesabu watu. Genge lenye akaunti 50, sekunde zikiwa 30, bado linaweza kumwaga meseji 100 kwa dakika huku mama wa Mbeya akisubiri zamu yake. Dalili ni majina mengi mageni yanayorudia maneno yaleyale kwa pamoja. Hapo kuongeza sekunde ni kuwaadhibu wenyeji. Badilisha wanaoruhusiwa kuandika wawe waliojiunga na chaneli tu, na weka sharti la muda tangu wajiunge, ili aliyebofya Subscribe dakika hii asipite. Wageni wa kweli watafungiwa nje pia, kwa hiyo rudisha mara vurugu ikitulia.

Orodha ya maneno yaliyozuiwa inasaidia, ila itungwe kwa uangalifu. Ukizuia "namba" peke yake utakuwa umezuia "wimbo namba 40". Zuia vifungu kamili: "tuma kwenye namba hii", "namba ya waumini", na vingine utakavyovikuta kwenye gumzo la ibada zilizopita. Viungo vya tovuti vizuie vyote. Usitegemee orodha ikamate tarakimu, kwani tapeli huachanisha 0 7 5 4 kwa nafasi au huweka herufi O badala ya sifuri, na hapo linahitajika jicho la mtu.

Jicho hilo lijue pa kuangalia. Katika gumzo la YouTube jina la mwenye chaneli huonekana kwenye rangi ya njano, na jina la msimamizi huwa la bluu lenye alama ya spana. Picha na jina vinaweza kuigwa, ile njano haiigiki. "Kanisa" lisilo na njano ni tapeli hata likiandika Kiswahili cha mimbarani. Akionekana, kufuta ujumbe wake peke yake hakutoshi, maana akaunti inabaki na itarudi zamu yake ikifika. Bofya nukta tatu pembeni ya ujumbe, uchague Hide user on this channel. Anachoandika baada ya hapo wengine hawakioni, naye hapewi taarifa, kwa hiyo anaweza kuendelea kujipigia debe peke yake kwa muda mrefu. Timeout, yaani kumzuia mtu asiandike kwa muda tu, iwe ya muumini aliyepandwa na hasira. Tapeli hana cha kutulia.

Wasimamizi wateuliwe siku moja kabla, kwa kiungo cha chaneli ya kila mmoja. Kuteua katikati ya vurugu kwa kubofya jina kwenye gumzo ndiko kunakomkabidhi spana mtu aliyejiita "Mzee Kiongozi". Kuna ngazi mbili: Standard moderator wa kusafisha gumzo, na Managing moderator mwenye mamlaka mapana zaidi. Wa ngazi ya pili awe mmoja, na asiwe fundi wa sauti wala mpiga kamera, kwa sababu mikono yao haitakuwa huru saa sita. Kila mmoja akae zamu ya kama dakika 45, maana baada ya hapo macho yanaanza kuruka mistari. Na katika kuwachagua angalia lugha pia. Tusi la Kisukuma au la mtaani humpita kijana mwadilifu asiyelijua.

Kabla ya mkesha fanyeni jaribio kwenye matangazo yasiyoorodheshwa. Mmoja aingie kwa simu nyingine na akaunti isiyo ya usimamizi, aandike kifungu kilichozuiwa, kisha namba ya simu. Ni muhimu akaunti iwe ya kawaida, kwa kuwa mwenye chaneli, wasimamizi na wanachama wanaolipia hawabanwi na Slow mode. Ukijaribu kwa akaunti yako utadhani haifanyi kazi.

Na tapeli akikamatwa, piga picha ya skrini kabla ya kubofya Remove, vinginevyo namba yake inapotea pamoja na ujumbe. Tanzania namba za matapeli hutaarifiwa kwa meseji kwenda 15040. Kenya, kwa wateja wa Safaricom, ni 333.