Kichujio cha wote na mwonekano wa kichujio: nani anafichiwa mistari?

Kichujio katika lahajedwali ni amri inayobakiza kwenye skrini mistari inayotimiza sharti fulani na kuificha iliyobaki bila kuifuta. Anayefanya kazi peke yake kwenye faili lake anamaliza somo hapo, kwa kuwa aliyeficha ndiye huyo huyo anayetazama. Faili likishakuwa mtandaoni na kufunguliwa na watu watano kwa wakati mmoja, inabidi kuuliza swali la pili, ambalo wengi hawaliulizi mpaka yawakute: je, sharti hilo limeandikwa kwenye skrini yangu au limeandikwa ndani ya jedwali lenyewe?

Katika Google Sheets, kichujio cha kawaida kimeandikwa ndani ya jedwali. Ukibonyeza `Data > Create a filter` ukachagua thamani unazotaka kuziona, programu haikumbuki kwamba wewe ndiye uliyetaka kuziona hizo tu. Inachokumbuka ni kwamba ukurasa huu una kichujio, na sharti lake ni hili. Kila anayeufungua ukurasa huo, awe Posta, Tegeta au Mwanza, anaukuta katika hali uliyouacha. Ndiyo maana ukurasa mmoja hauwezi kuwa na vichujio viwili vya aina hii kwa wakati mmoja: nafasi yake ni moja, na wa mwisho kuigusa ndiye anayewaamulia wengine. Kichujio hicho hakiondoki kwa sababu umefunga kompyuta ukaenda nyumbani. Kinalala hapo na asubuhi kinawasubiri wenzako.

Tuchukue duka la jumla la vitenge Kariakoo, ambalo oda zake za siku zinaandikwa kwenye jedwali moja linalotumiwa na mhasibu, mpokea oda, kijana wa usambazaji na mwenye duka. Mstari wa 1 ni wa vichwa: namba ya oda, mteja, eneo, mzigo, kiasi na malipo. Oda zenyewe ni 48, kuanzia mstari wa 2 hadi wa 49. Saa kumi jioni mhasibu anataka kuwapigia wasiolipa, kwa hiyo anaweka kichujio kwenye safu ya malipo na kubakiza neno “Bado”. Skrini yake inabaki na oda 11, naye anaanza kupiga simu kwa utulivu kabisa. Mistari 37 imefichwa, na kwake hiyo ndiyo hali anayoitaka.

Wakati huo kijana wa usambazaji yuko Mbagala na simu mkononi. Alipolifungua jedwali mchana aliona oda sita za huko. Sasa anaona tatu. Anampigia mhasibu: “Dada, umefuta oda za Mbagala?” Dada anajibu kwa kweli kabisa kwamba hajafuta chochote. Kijana, ambaye daftari lake la karatasi lina oda zote sita, anaamua kusaidia, na anaziandika upya zile tatu anazodhani zimepotea, kwenye mistari ya 50, 51 na 52. Mhasibu akishaondoa kichujio, jedwali lina oda 51, tatu kati yake zikiwa zimejirudia, na mpokea oda wa asubuhi anafunga mizigo mitatu ambayo imeshafika kwa wateja. Hakuna aliyesema uongo wala aliyefuta kitu. Kila mmoja alifanya jambo la busara kwa kadiri ya alichokiona.

Kijana yule angeweza kuutambua ukweli kwa kutazama upande wa kushoto wa skrini tu. Mistari ikifutwa, namba zake zinajipanga upya na kufuatana: 2, 3, 4, 5. Mistari ikichujwa, kila mstari unabaki na namba yake ya asili, na kwa hiyo hesabu inaruka: 2, 7, 8, 15, 21. Namba zinazoruka ni ushahidi kwamba mistari ya katikati ipo na imefichwa tu. Ishara ya pili ni rangi: kichujio cha wote kinazipaka rangi ya kijani namba za mistari na herufi za safu zilizomo ndani yake, na alama ndogo kwenye kichwa cha safu iliyochujwa inabadilika umbo. Anayetaka uhakika zaidi anaweza kwenda kwenye seli tupu nje ya jedwali na kuandika fomula ya kuhesabu, kwa kuwa fomula hii haijali kilichofichwa:

```
=COUNTIF(A2:A49,"D-031")
```

Jibu likiwa 1, oda D-031 ipo hata kama macho hayaioni.

Fomula za kujumlisha nazo zinahitaji uangalifu. `SUM` inajumlisha mistari yote, iliyofichwa na inayoonekana. `SUBTOTAL` inaacha mistari iliyofichwa na kichujio, na namba 9 ndani yake inaiagiza kujumlisha:

```
=SUM(E2:E49)
=SUBTOTAL(9,E2:E49)
```

Tuseme oda zote 48 zina thamani ya shilingi 9,640,000, na zile 11 ambazo hazijalipwa ni shilingi 2,310,000. Kabla ya kuchuja, fomula zote mbili zinatoa jibu moja. Mhasibu akichuja, ya kwanza inabaki palepale na ya pili inashuka hadi 2,310,000, tena inashuka kwa kila mtu. Mwenye duka aliyezoea kusoma jumla ya siku kwenye seli ya `SUBTOTAL` atapata mshtuko bila sababu. Kwa maoni yangu, jumla inayosomwa na watu wengi iandikwe kwa `SUM`, na `SUBTOTAL` aachiwe anayejua kwamba amechuja.

Kuna madhara mengine mazito kuliko kuficha, nayo ni kupanga. Menyu ileile ya kichujio ina amri za kupanga kutoka A hadi Z au kinyume chake, na amri hizo katika kichujio cha wote zinaihamisha mistari yenyewe. Kuondoa kichujio kunarudisha kilichofichwa, lakini hakurudishi mpangilio wa awali. Kama oda ziliandikwa kwa kufuata saa zilivyoingia na hakuna safu ya saa wala ya namba ya oda, mpangilio huo umepotea, na njia iliyobaki ni kutengua haraka kwa `Ctrl+Z` au kwenda `File > Version history` na kurejesha nakala ya kabla ya hapo, jambo ambalo linafuta pia kazi ambayo wenzako wameifanya katikati. Safu ya namba inayoanza na 1 na kuendelea ni kinga ya bei rahisi, kwani unaweza kupanga upya kwa kuifuata.

Mwonekano wa kichujio ni kitu tofauti kwa asili yake. Sharti haliwekwi juu ya ukurasa. Linatunzwa pembeni, likiwa na jina na namba yake, na linafanya kazi kwa yule tu aliyelifungua, kwa muda aliolifungua. Ukurasa mmoja unaweza kuwa na mionekano mingi: “Wasiolipa” wa mhasibu, “Mbagala” wa kijana wa usambazaji, “Leo” wa mwenye duka. Watatu hao wanaweza kulitazama jedwali lilelile dakika ileile, kila mmoja akiona mistari yake, na hata kupanga ndani ya mwonekano hakuhamishi mistari ya wengine.

Mhasibu wetu, akiwa kwenye kompyuta, angebonyeza seli yoyote ndani ya jedwali kisha `Data > Create filter view`. Kingo za jedwali zinageuka kuwa nyeusi, na weusi huo ndio unaomwambia kwamba sasa yuko kwenye mwonekano wake. Ukiona kijani badala ya weusi, simama kwanza, kwa maana unachuja kwa niaba ya ofisi nzima. Kutoka hapo anachuja kama alivyozoea: anabonyeza alama kwenye kichwa cha safu ya malipo, anafuta tiki zote, anarudisha tiki ya “Bado” na kukubali. Anaupa mwonekano jina “Wasiolipa” na kuuhifadhi kwa `Save view`. Akimaliza anaufunga kwa alama ya msalaba juu kulia, na kesho ataupata tena chini ya menyu ya `Data`.

Mwonekano uliohifadhiwa una anwani yake pia. Ukiwa ndani yake, mwisho wa anwani kwenye kivinjari unaonekana hivi:

```
#gid=0&fvid=583920117
```

Sehemu ya `gid` inataja ukurasa na `fvid` inataja mwonekano. Ukimtumia kijana wa usambazaji anwani nzima ya mwonekano wa “Mbagala”, akiifungua kwenye kivinjari anafika moja kwa moja kwenye oda zake bila kuchuja chochote.

Neno “binafsi” lisichukuliwe kupita kiasi, kwani hapa ndipo nimeona watu makini wakikosea. Kilicho binafsi ni kutazama peke yake. Ukibadilisha “Bado” kuwa “Amelipa” ukiwa ndani ya mwonekano wako, umebadilisha data ya wote, na ukifuta mstari umeufuta kwa wote. Majina ya mionekano iliyohifadhiwa nayo yanaonekana kwa wenzako, na mwenye ruhusa ya kuhariri anaweza kuufungua wa kwako, kuubadilisha masharti au kuufuta. Wala mwonekano si pazia la siri: kuwapa wasambazaji mwonekano usioonyesha oda za Masaki hakuwazuii kuzitazama, maana wanatoka tu kwenye mwonekano na kuona kila kitu. Taarifa isiyotakiwa kuonekana iwekwe kwenye faili jingine lenye ruhusa zake.

Aliyepewa ruhusa ya kutazama tu hawezi kuweka wala kuondoa kichujio cha wote. Akikuta mistari imefichwa, yuko chini ya uamuzi wa waliomtangulia. Hata hivyo anaweza kufungua mwonekano wa muda, ambao haumgusi mtu mwingine na unapotea akifunga faili.

Wanaotumia Excel mtandaoni wana kitu kinachofanana nacho kwenye menyu ya `View`, sehemu ya `Sheet View`. Tofauti inayofaa kutajwa ni kwamba Excel, ikiona mnahariri pamoja na umechuja au kupanga, hukuuliza uchague kati ya `See just mine` na `See everyone's`. Wengi hubonyeza lolote ili kisanduku kiondoke mbele yao, na aliyebonyeza la pili amejirudisha palepale alipokuwa mhasibu wetu saa kumi jioni.