Kwa Nini "Came" Hukaa Pamoja na "Tomorrow"

Juzi jioni mwanafunzi wangu wa kidato cha nne hapa Lamu mjini alinifungulia daftari lake, akanionyesha sentensi aliyokuwa ameiandika katika zoezi la kugeuza sentensi: "I would rather you came tomorrow." Neno "came" lilikuwa limekatwa kwa kalamu nyekundu, juu yake pameandikwa "come", na pembeni yapo maelezo kwamba kesho haijapita, kwa hiyo kitenzi hakiwezi kuwa cha wakati uliopita. Akaniuliza, "Kwani nimekosea wapi, Mwalimu?" Hakukosea popote. Sahihisho hilo nimekutana nalo kwa miaka mingi, katika madaftari ya shule mbalimbali, na kila mara nimelijibu kwa mdomo kwa mtoto mmoja mmoja. Safari hii naliandika.

"Came" katika sentensi ile haitaji wakati. Inataja jambo ambalo msemaji analitamani ilhali halijawa, na pengine halitakuwa. Sisi tuna kiambishi cha kazi hiyo: tunasema "ungekuja kesho ningefurahi", na hakuna msikilizaji anayedhani kwamba -nge- inazungumzia jana. Kiingereza hakina -nge-. Kwa hiyo huazima umbo la wakati uliopita ili kuonyesha umbali, si umbali wa siku, bali umbali kutoka katika hali halisi. Ndilo umbo lile lile tunalolifundisha bila ubishi katika "If I had a boat, I would go to Manda today", na mwalimu anayelikubali pale hana sababu ya kulikata hapa.

Watoto wetu, hata hivyo, wana chanzo kingine cha kosa, nacho kimo ndani ya lugha yao wenyewe. Tazama jinsi Kiswahili kinavyoyatendea yote ambayo Kiingereza huyasema kwa "would rather", "had better" na "it's time", kwa irabu moja ya mwisho: afadhali niende, afadhali uende, ni heri uondoke mapema, wakati umefika twende. Yote ni -e. Mtoto aliyezaliwa Langoni au Mkomani anapofikiria "afadhali uje", huitafuta "uje" kwa Kiingereza, akaona "come" ndiyo iliyo karibu, akaiandika. Kosa lake lina mantiki, na halitaondoka kwa kumwambia akariri. Litaondoka akizoea kujiuliza swali moja kabla ya kuandika kitenzi: ni nani atakayetenda?

Nichukue mfano mmoja niufuate hadi mwisho. Mwanafunzi amepewa sentensi "I don't want you to tell Mother about the boat", naye ameagizwa aanze na "I would rather" bila kubadilisha maana. Anayetaka ni "I", lakini anayekatazwa kusema ni "you". Watendaji ni wawili, basi kiima cha pili lazima kitokee, na kitenzi chake kichukue umbo la wakati uliopita: "I would rather you didn't tell Mother about the boat." Jibu ninaloliona mara nyingi zaidi kuliko mengine ni "I would rather not tell Mother about the boat." Sarufi yake ni safi kabisa, na ndiyo sababu humponyoka hata msahihishaji. Lakini maana imehama, kwa kuwa sasa anayenyamaza ni mimi, si wewe. Lingetoka katika sentensi "I don't want to tell Mother" lingepata alama zote, kwa sababu pale mtaka na mtenda ni mmoja, na mtenda akiwa mmoja kitenzi hubaki katika umbo la msingi, bila "to" na bila kiima cha pili.

Jambo likiwa limekwisha kupita, Kiswahili chetu cha "heri ungalikuja jana" kinaongoza vizuri: "I would rather you had come yesterday." Hapo ndipo wakati uliopita wenyewe unapoingia, na Kiingereza hulazimika kurudi hatua moja zaidi nyuma kwa "had", kwa kuwa "came" kimeshatumika kwa kazi nyingine.

Hapa nakiri jambo ambalo vitabu vingi vya mazoezi hulinyamazia. Wapo Waingereza na Wamarekani wanaosema "I'd rather you don't", na wapo wanaoandika "I'd rather he not go", tena watu waliosoma. Siwezi kumwambia mwanafunzi kwamba maumbo hayo hayapo duniani. Namwambia kwamba katika swali la sarufi la karatasi ya pili ya KCSE, lenye alama 15, umbo lililo salama ni la wakati uliopita.

"Had better" sitaikalia sana. "Had" hiyo haina uhusiano na jana, na kitenzi kinachoifuata hubaki katika umbo la msingi, awe mtenda ni nani: "You had better leave before the tide goes out." Si "left", si "to leave", na katika kukanusha "not" hufuata "better". Ninachoomba walimu wenzangu wakiangalie ni maana, kwa sababu mazoezi hugeuza kila "should" kuwa "had better" kama kwamba ni ndugu pacha. "Had better" hubeba onyo: usipoondoka sasa, maji yatakupwa na mashua itakaa juu ya mchanga. Sentensi kama "Children should respect their elders" ni kanuni ya siku zote, haina hatari iliyo mlangoni, na kuilazimisha ichukue "had better" ni kuipa ukali usiokuwemo.

Iliyobaki ni "it's time", na hapa ndipo subira yangu hupungua, kwa sababu vitabu huandika kwamba "It's time for the fishermen to mend the nets" na "It's time the fishermen mended the nets" ni sawasawa. Ya kwanza husema tu kwamba saa imefika. Ya pili inalaumu: nyavu zilipaswa kuwa zimeshonwa tayari, na wavuvi bado wamekaa. Ukiongeza "high" lawama huzidi, ndiyo maana "It's high time" huelekea zaidi kwenye umbo la pili. Kwa hiyo mtahini akitoa sentensi asili yenye kero, kwa mfano "The fishermen should have started mending the nets by now", jibu lenye "mended" ndilo linaloihifadhi kero hiyo, na lile lenye "to mend" huipoteza hata kama sarufi yake haina doa.

Shaka yangu ya mwisho inahusu "was" na "were". Baada ya "if" tunafundisha "if I were", na mwanafunzi mwerevu huibeba hadi "It's time I were going". Mimi huandika "It's time I was going", na ndivyo ninavyoona kwa waandishi wengi, lakini sijapata sababu ya kisarufi inayonitosheleza kwa nini "were" ikubalike pale na isikike vibaya hapa.

Yule mwanafunzi nilimwachia sahihisho lile jekundu kama lilivyo, nikamwandikia chini yake sentensi yake ya kwanza upya, pamoja na sentensi ya "ungekuja kesho". Alizisoma zote mbili kwa sauti, kisha akaandika ya kwake: "It's time we closed the book." Nikamwekea alama ya vema.