Mahakama kuwastahi wataalamu: maana yake, na kwa nini si kuwatii

Tangu Juni 2024 nimesikia sentensi hii kwenye mijadala, hata kwa watangazaji, hadi nimechoka: "Mahakama ya Juu ya Marekani imesema majaji wasiwasikilize tena wataalamu wa serikali." Wiki iliyopita nikaiona imeandikwa, tena na kosa juu ya kosa: "mahakama haiwastahili tena wataalamu." Hapo nikaona niandike.

Maana kwanza, kwa haraka. Bunge linatunga sheria na kumkabidhi wakala wa serikali aisimamie. Sheria ina maneno yasiyojipambanua. Wakala anayafasiri kwa namna yake, mtu anakwenda mahakamani kupinga. Je, jaji asome sheria kwa macho yake, au amwachie wakala kwa kuwa ndiye anayeishi na jambo hilo kila siku? Kiasi anachomwachia ndicho ninachokiita staha ya mahakama.

Neno ni staha, na kitenzi chake ni kustahi. Vitenzi vitatu vinavyofanana sauti huchanganywa hapa. Kustahili kuna undugu na ahali: anayestahili ni mwenye kufaa kupewa kitu. Kustahiki kuna undugu na haki: anayestahiki ana dai. Kustahi kuna undugu na haya. Anayemstahi mkubwa wake anaona haya kumkata kauli. Anamsikiliza mpaka mwisho, anajizuia asimpinge ovyo. Lakini hajampa akili yake aibebe. Mtoto anaweza kumstahi baba yake na bado asikubali kuuza shamba. Kutii ni jambo jingine: ukiamriwa, unatenda.

Mzozo mzima wa Marekani uko katika pengo hilo, kati ya kustahi na kutii.

Mwaka 1944 mahakama hiyo ilikuwa na kesi ya Skidmore. Wafanyakazi saba wa kiwanda cha nyama cha Fort Worth, Texas, walikuwa wakibaki kiwandani usiku mara kadhaa kwa wiki, tayari kuzima moto ukitokea. Walilala, walikula, walicheza, ila hawakuruhusiwa kwenda mbali. Je, kungoja huko ni kazi ya kulipwa? Msimamizi wa sheria ya mishahara alikuwa na maoni yake, aliyoyapata kwa kuchunguza sehemu nyingi za kazi. Jaji Jackson alisema maoni hayo hayaifungi mahakama, lakini yana uzito, na uzito huo unategemea yalivyochunguzwa kwa makini, hoja zake zilivyo timamu, kama yanaafikiana na ya awali na ya baadaye, na kwa jumla nguvu yake ya kushawishi. Hii ndiyo staha niliyoieleza: nakusikiliza kwa sababu umeniridhisha.

Miaka 40 baadaye ikaja Chevron, na hapa watu wanaanza kupotea kwa sababu ya jina. Wengi wanadhani kanuni ya Chevron ni kitu kilichobuniwa kuibana kampuni ya mafuta. La. Kampuni ilikuwa upande mmoja na serikali, na walishinda pamoja dhidi ya watetezi wa mazingira.

Ugomvi wenyewe ulikuwa juu ya neno "chanzo". Sheria ya Hewa Safi, kama ilivyorekebishwa 1977, ilidai kibali kigumu kwa chanzo kipya au kilichobadilishwa cha uchafuzi mkubwa, kwenye maeneo ambayo hewa yake bado haijafikia kiwango. Sasa chukua kiwanda chenye matanuri mawili. La kwanza wanalibadilisha, moshi wake unaongezeka tuseme tani 150 kwa mwaka. La pili wanalipunguza kwa tani 150 zile zile. Chanzo kikiwa ni kila tanuri, tanuri la kwanza linahitaji kibali. Chanzo kikiwa ni kiwanda kizima, kana kwamba umekifunika kwa povu moja, hakuna kilichoongezeka na kibali hakihitajiki. Mwaka 1981 Wakala wa Kulinda Mazingira alichagua povu.

Juni 1984 mahakama ikakubali, kwa kalamu ya Jaji Stevens. Kipimo kilikuwa na hatua mbili. Kama Bunge limesema waziwazi, basi limesema. Kama limenyamaza au limesema kwa utata, tafsiri ya wakala ikiwa ya busara inapita, hata kama jaji angechagua nyingine. Sababu zilizotolewa ni kwamba wakala ana utaalamu, kwamba yuko chini ya rais aliyechaguliwa ilhali majaji hawachaguliwi, na kwamba Bunge linapoacha pengo huhesabiwa limemwachia wakala alijaze. Hapo staha ikageuka kitu kinachokaribia utii: jaji anaweza kuona tafsiri nyingine ni bora na bado akafungwa na ya wakala.

Kesi iliyoivunja kanuni hiyo ya Chevron mwaka 2024, Loper Bright, ilihusu wavuvi wa heringi wa Atlantiki. Sheria ya uvuvi inaruhusu serikali kudai chombo kibebe mwangalizi wa kurekodi kinachovuliwa. Nani amlipe mwangalizi? Mahali pengine sheria inataja wazi wenye vyombo wanaolipa. Kwa wavuvi hawa imenyamaza. Kanuni ya 2020 ikasema walipe wao, gharama iliyokadiriwa kufika dola 710 kwa siku. Mahakama za chini zilikubaliana na wakala.

Tazama swali lenyewe. Kujua heringi wanazaa wapi ni utaalamu. Je, kujua heringi kunakuambia ukimya wa sheria unamaanisha mvuvi alipe? Hapa mimi huona hoja ya utaalamu inayumba. Lakini Jaji Kagan, aliyepinga uamuzi, alikuwa na mifano migumu zaidi: mnyororo wa asidi amino unahesabika lini kuwa protini kisheria? Hapo neno la sheria na sayansi yake havitenganishwi kwa kisu, na jaji peke yake atapapasa.

Wengi wa majaji, wakiongozwa na Jaji Mkuu Roberts, walirudi kwenye Sheria ya Taratibu za Utawala ya 1946, inayosema mahakama ndiyo itakayoamua maswali yote ya sheria. Kufasiri maneno yenye utata, walisema, ni kazi ya jaji. Wala hawakuamua nani amlipe mwangalizi. Kesi ilirudishwa chini.

Kilichobaki ndicho kisichosemwa kwenye mijadala. Skidmore iko hai, na uamuzi wa 2024 wenyewe unaitaja. Matokeo ya kisayansi ya wakala, kama kiasi cha moshi au idadi ya samaki, bado yanapewa nafasi yake. Bunge likiandika wazi kwamba wakala ndiye atakayeamua kipi "kinafaa", jaji anaangalia tu kama wakala hakuvuka mpaka aliowekewa. Na kesi zilizokwisha kuamuliwa kwa kipimo cha Chevron, ikiwemo ile ya povu, hazikufutwa.

Kwa hiyo, ndugu mtangazaji, ukirudi hewani usiseme majaji wameacha kuwasikiliza wataalamu. Sema wameacha kufungwa na tafsiri yao ya sheria. Na kitenzi ni "haiwastahi"; ile li iondoe.