Namba Zisizo na Uzi

"Mkalimani wetu anakijua Kichina na Kiswahili vizuri. Kwa nini tena tumpe ajenda na bei zetu kabla ya kukutana na muuzaji? Si ndiyo kuvujisha siri?"

Wengi huona hivyo: asijue kitu, asiwe na la kutoa nje. Lakini bei zilezile zitapita mdomoni mwake mbele ya muuzaji muda si mrefu, kwa hiyo siri yenyewe ni ya nusu saa. Wakalimani walio katika AIIC, chama chao cha kimataifa, wamefungwa na kanuni ya kutunza siri. Kama wako ni kijana wa mtaani aliyesoma China, mwandikie ahadi ya nusu ukurasa atie saini. Hofu ina haki mahali pamoja: mkalimani akiletwa na muuzaji, mpe ajenda tu.

Katika ukalimani mfuatizo mtu husikiliza kwanza, huandika alama chache, kisha ndipo asema. Hoja hazimpotei kwa sababu zinafuatana kama asumini iliyotungwa: akishika uzi, maua yote yanakuja. Namba ni maua yaliyolegea kiganjani. Hakuna kitu ndani ya 6.20 cha kumkumbusha kwamba haikuwa 6.80, na akiwa bado anaiandika, maneno mengine yameshampita.

Kichina nacho hakina laki. Huhesabu kwa mafungu ya elfu kumi. Tuseme hoteli ya Nungwi inataka vigae mita za mraba 12,000 kutoka Foshan. Hiyo ni fungu 1.2. Kwa dola 6.80 kila mita, jumla ni 81,600, yaani mafungu 8.16. Mkalimani anahamisha nukta huku akisikiliza, nasi tunamtupia "elfu kumi na mbili", ambayo yaweza kuwa 12,000 au 10,002. Sokoni Darajani hakuna anayejali. Kwenye mkataba wanajali.

Basi andaa karatasi mbili. Ajenda ni ya pande zote: Kiswahili kushoto, Kichina kulia, vipengele vyenye namba zilezile pande zote mbili, na saa 4 asubuhi iandikwe pia 10:00. Bei isiwemo.

Ya pili ni ya mkalimani wako pekee, naye aipate angalau siku moja kabla. Andika kwa tarakimu: mita 12,000, muuzaji anataka 6.80, sisi tunaanzia 6.20, tofauti 0.60, ambayo kwa mzigo wote ni dola 7,200. Kando ya kila bei taja kama ni FOB, mzigo ukipakiwa melini China, au CIF, nauli na bima hadi bandari ya Malindi, Unguja, zikiwemo. Bila hayo, 6.80 ni bei mbili tofauti. Kikomo usichokusudia kukitamka kibaki kichwani mwako.

Na muuzaji akikubali upesi kuliko ulivyotarajia, usishangilie. Mwombe mkalimani aiandike namba aliyoitaja, muione nyote.