Ukurasa wa 23 uko wapi? Namba ya karatasi na namba ya faili

Kwenye dawati letu la maktaba ya chuo, lalamiko hili huja hasa msimu wa kukabidhi tasnifu: "Nimekata sura ya pili kutoka kwenye PDF, imetoka sura nyingine." Faili halijaharibika. Mhusika ametumia namba aliyoiona chini ya karatasi, ilhali programu inafuata hesabu yake yenyewe.

Faili la PDF halisomi namba iliyochapwa. Kwake ile "23" iliyo chini ya ukurasa ni wino tu, sawa na herufi nyingine yoyote. Linachojua ni mpangilio: ukurasa wa kwanza, wa pili, wa tatu, kuanzia jalada. Mwandishi naye huanza kuhesabu 1 kwenye Sura ya Kwanza, na kurasa za mbele huzipa namba za Kirumi.

Tuchukue mfano wa tasnifu iliyoskaniwa. Ina jalada lisilo na namba, kisha uthibitisho, tamko, tabaruku, shukurani, ikisiri na yaliyomo, vyote kuanzia i hadi xiii. Jumla ni kurasa 14. Kwa hiyo ukurasa uliochapwa 1 ni wa 15 kwenye faili, na pengo ni 14. Yaliyomo yanasema Sura ya Pili inaanzia 23 hadi 51. Ukiandika 23-51 kwenye programu ya kukatia, utapata kurasa zilizochapwa 9 hadi 37: mkia wa sura ya kwanza na nusu tu ya unayoitaka.

Wengi wakishajua hilo hujumlisha 14 pande zote mbili, wakaandika 37-65. Hapo ndipo pana mtego wa pili, na huu ndio unaotutesa zaidi, kwa sababu mwanzo wa kipande unakuwa sahihi na mtu hana shaka tena. Katika tasnifu hii, baina ya ukurasa wa 40 na wa 41 kuna ramani ya kukunjwa, iliyoskaniwa kwa kurasa mbili zisizo na namba. Kuanzia hapo pengo si 14 tena, ni 16. Ukurasa uliochapwa 51 ni wa 67 kwenye faili. Aliyeishia 65 amepoteza kurasa mbili za mwisho, na mara nyingi hugundua baada ya kuchapisha. Amri sahihi, kwa anayetumia qpdf, programu ya kukata PDF kwa amri za maandishi, ni hii:

```
qpdf tasnifu.pdf --pages . 37-67 -- sura2.pdf
```

Kwa hiyo pima pengo mahali pawili: ukurasa wa kwanza na wa mwisho wa sehemu unayoikata. Fungua kila mmoja, soma namba ya karatasi, soma namba ya faili, toa. Majibu yakilingana, endelea. Yasipolingana, katikati kuna ramani, picha, ukurasa mtupu, au ukurasa ulioskaniwa mara mbili. Kuna na kitabu kilichoskaniwa kikiwa wazi, kurasa mbili kwa picha moja. Hapo kujumlisha hakukusaidii kitu, tafuta kwa macho.

Kinachochanganya zaidi ni kwamba baadhi ya faili zina lebo za kurasa, ambazo mtengenezaji wa faili anaweza kuziweka ili kisomaji kionyeshe i, ii, iii kisha 1, 2, 3. Adobe Acrobat na Firefox huzionyesha lebo hizo, na pembeni utaona kwenye mabano nafasi halisi ya ukurasa. Qpdf, hapo kwenye amri yetu, huhesabu nafasi halisi bila kujali lebo. Ukiona namba mbili, iliyo kwenye mabano ndiyo ya kukatia.

Kwenye nukuu mambo ni kinyume: andika iliyochapwa, kwa maana msomaji wako huenda ana nakala ya karatasi. Makala za majarida huwaponza wengi hapa. Makala inayoanzia uk. 211 hadi 238 ina kurasa 28, na hifadhidata nyingine huongeza ukurasa wao wa utangulizi mbele. Maneno uliyoyaona kwenye ukurasa wa 9 wa faili hilo yako uk. 218. Kama hakuna namba iliyochapwa kabisa, taja sura na kichwa kidogo, wala usikope namba ya faili.

Angalia pia kipande chenyewe. Ndani ya sura2.pdf, karatasi iliyochapwa 47 inakuwa ya 27. Aliyetumiwa kipande hicho peke yake akinukuu "uk. 27", atampeleka msomaji mwanzoni mwa sura, kurasa 20 kabla ya hoja. Sisi maktabani siku hizi huliita faili la namna hiyo sura2_uk23-51.pdf.