Taarifa ya habari ya mtaa: kichwa, jambo kuu na chanzo ndani ya dakika moja

Malalamiko yanayofika katika Kitengo cha Mawasiliano cha halmashauri kuhusu taarifa za mitaani yanaongezeka, na mengi yana sura moja. Mkazi amechota maji ndoo kumi kwa ajili ya siku ambayo maji hayakukatika. Mwingine hakuchota hata moja kwa kuwa ujumbe aliousoma ulisema "kesho", na kesho hiyo ilikuwa imeshapita siku tatu. Aliyeandika hakuwa na nia mbaya, na tunaamini hivyo kwa karibu kila taarifa tunayoletewa. Kasoro iko kwenye uandishi wenyewe.

Tuanze na ujumbe wa aina tunayoiona kila wiki:

"Habari zenu wapendwa. Tunapenda kuwajulisha kuwa kuanzia kesho saa 2 maji hayatakuwepo kwa sababu ya matengenezo, hivyo kila mtu achote ya kutosha. Nimeambiwa na mtu wa maji. Tuma na kwa wengine."

Maneno sita ya kwanza hayana habari yoyote hadi ufike "kuanzia". Kisha linakuja neno "kesho", ambalo lina ukweli kwa siku moja tu, ilhali ujumbe wa simu huzunguka wiki nzima. "Saa 2" haina asubuhi wala usiku. Mwisho wa mgao haukutajwa, wala eneo, na "mtu wa maji" anaweza kuwa mhandisi au muuza maji wa mkokoteni.

Habari hiyohiyo, ikiandikwa kwa utaratibu tunaoutaka, inakuwa hivi. Mtaa na tarehe ni za mfano:

Maji kukosekana siku mbili Mwembeni

Wakazi wa Mtaa wa Mwembeni, upande wa chini ya barabara ya lami, hawatapata maji ya bomba kuanzia Alhamisi, Juni 12, 2025 saa 2:00 asubuhi hadi Ijumaa, Juni 13, saa 12:00 jioni.

Mamlaka ya Maji itabadilisha valvu kuu iliyopo karibu na shule ya msingi. Wakazi wa upande wa juu hawataathirika. Maji ya kwanza baada ya kufunguliwa yanaweza kuwa na tope. Yaachwe yatiririke hadi yawe safi kabla ya kuyahifadhi.

Chanzo: Tangazo la maandishi la Mamlaka ya Maji, lililobandikwa Ofisi ya Serikali ya Mtaa Juni 9, 2025.

Taarifa hiyo ina maneno 89 ukihesabu yaliyoandikwa, pamoja na kichwa na mstari wa chanzo. Ukiisoma kwa sauti yanafika 103, kwa sababu 2025 kwenye karatasi ni neno moja lakini mdomoni ni "elfu mbili ishirini na tano". Hapo ndipo wengi hupitiliza dakika bila kujua. Kiasi cha shilingi 12,500,000 kinakula pumzi ya msomaji kuliko sentensi fupi nzima, andika "shilingi milioni 12.5" na usiweke zaidi ya kiasi kimoja cha fedha katika taarifa moja. Kwa mwendo wa kueleweka, maneno 90 ya kuandikwa yanatosha dakika bila kumkimbiza msomaji. Pima kwa saa ya simu, ukisoma kwa sauti. Kusoma kimoyomoyo ni haraka mno, hakupimi kitu.

Sasa kichwa. Kiswahili cha habari kina kanuni yake hapa, na haipuuzwi bila madhara. Jambo lijalo huandikwa kwa kitenzi chenye ku-: "Maji kukosekana", "Soko kuhamishwa". Lililokwisha kutokea au linaloendelea huchukua -a-: "Soko lahamishwa", "Daraja lafungwa". Mwandishi akiandika "Maji yakosekana Mwembeni" siku ya Jumatatu, mkazi atafungua bomba, ataona maji yanatoka, na ataihesabu taarifa kuwa ya uongo. Alhamisi maji yatakapokatika kweli hatakuwa na ndoo hata moja.

Neno lenyewe pia lichaguliwe. Tumeandika "kukosekana" na si "kukatwa", kwa sababu mtaani kukatiwa maji ni adhabu ya mdaiwa. Kichwa cha "Maji kukatwa Mwembeni" kitajaza watu wenye stakabadhi mkononi kwenye ofisi ya mamlaka. Kichwa kisizidi maneno sita, kiwe na jambo na mahali, na kisiwe na alama ya mshangao. "Habari mbaya kwa wakazi!" hakimwambii mtu lolote.

Jambo kuu ni sentensi ya kwanza chini ya kichwa, nayo inatakiwa ijitosheleze hata kama msomaji ataishia hapo. Ijibu nani anaguswa, nini kinatokea, wapi, na lini hadi lini. Sababu inaweza kusubiri sentensi ya pili. Waandishi wengi huanza na sababu, "Kutokana na matengenezo ya miundombinu yanayoendelea katika maeneo mbalimbali", na msikilizaji huchoka kabla hajajua kama linamhusu.

Saa ndiyo inayotuletea simu nyingi kuliko kitu kingine. Simu inaonyesha 08:00, mwandishi ananakili "saa 8:00", na mkutano wa asubuhi unageuka wa mchana. Andika saa za Kiswahili na utaje sehemu ya siku kila mara: saa 2:00 asubuhi, saa 8:00 mchana, saa 2:00 usiku. Kwa habari za usiku, kumbuka kuwa kwa wazee wengi wa pwani siku huanza jua likizama, na "usiku wa Ijumaa" kwao ni ule wa kuamkia Ijumaa. Andika "usiku wa Alhamisi kuamkia Ijumaa" na ubishi umekwisha. "Leo", "jana" na "kesho" zisiandikwe kabisa; weka jina la siku na tarehe.

Kingine kinachochanganywa ni habari na tangazo. Tangazo humsemesha mtu moja kwa moja: "mnaombwa", "mnatakiwa". Habari husimulia kwa nafsi ya tatu kile ambacho mwenye mamlaka amesema au kufanya. Mwandishi wa mtaa hana mamlaka ya kumtaka mtu afanye lolote, kwa hiyo "wakazi wote mnatakiwa kufika bila kukosa" ikitoka kwake ni kosa la kujipa cheo. Aandike: "Mwenyekiti wa Serikali ya Mtaa amewataka wakazi kufika."

Tunafika kwenye mstari wa chanzo, ambao kwetu ndio unaotofautisha taarifa na umbea. Una sehemu tatu: nani kasema, kwa njia gani, na lini. "Chanzo: Afisa Mtendaji wa Mtaa, kwa simu, Juni 9, 2025 saa 4:30 asubuhi" ni chanzo kamili. "Chanzo: mtandaoni" si chanzo. "Kama nilivyopokea" si chanzo pia, na inabidi tulirudie hili kwa sababu kuna imani kwamba maneno hayo yanamtoa mtumaji kwenye lawama. Hayamtoi. Yanaeleza tu kwamba hakuuliza.

Ukiletewa picha ya barua ya ofisi ya umma, tazama namba ya kumbukumbu, inayoandikwa "Kumb. Na.", kisha tarehe, jina na cheo cha aliyesaini, sahihi, na muhuri. Barua za kughushi mara nyingi huwa na muhuri unaoonekana vizuri na tarehe iliyokatwa na ukingo wa picha. Halafu thibitisha kwa kwenda ofisini, au kwa kupiga namba ambayo ulikuwa nayo tangu awali. Usipige namba iliyoandikwa ndani ya barua unayoitilia shaka. Aliyeighushi ndiye atakayepokea.

Habari za uhalifu na za magonjwa zina masharti zaidi. Aliyekamatwa ni mtuhumiwa. Akifikishwa mahakamani na kusomewa mashtaka ni mshtakiwa. Neno "mwizi" lisubiri hukumu. Vivyo hivyo, watu kuharisha na kutapika ni jambo ambalo shuhuda anaweza kuliona, lakini "kipindupindu" ni jina linalothibitishwa na maabara na kutangazwa na mamlaka ya afya. Jina la mgonjwa halitajwi hata kama mtaa mzima unamjua: taarifa za afya ya mtu ni taarifa binafsi nyeti chini ya Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022.

Kuhusu adhabu, tunaeleza kwa ukamilifu kwa kuwa tunaulizwa kila siku. Kifungu cha 16 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 kinamhusu mtu anayechapisha kwa njia ya kompyuta, na simu imo, taarifa ambayo anajua kuwa ni ya uongo, ya udanganyifu, ya kupotosha au isiyo sahihi, akiwa na nia ya kukashifu, kutishia, kutukana au kuupotosha umma. Akitiwa hatiani, adhabu ni faini isiyopungua shilingi milioni 5, au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote viwili. Zingatia neno "isiyopungua": hicho ni kiwango cha chini. Zingatia pia neno "anajua". Kukosea tarehe kwa bahati mbaya si jambo lilelile na kutunga uongo, ingawa kuipima nia ya mtu ni kazi ya mahakama na kitengo hiki hakiwezi kumhakikishia yeyote. Mstari wa chanzo ulioandikwa vizuri unaonyesha angalau kwamba mwandishi aliuliza, alimuuliza nani, na saa ngapi.

Makosa yakitokea, wengi hufuta ujumbe na kunyamaza. Kufuta hakutoshi, kwa sababu nakala zilizokwisha kusambazwa zinabaki kwa watu. Utaratibu ni kutoa marekebisho mahali palepale ulipotoa taarifa ya kwanza, mara tu unapothibitisha kosa, yakiwa na neno "Marekebisho" mwanzoni mwa kichwa. Taja kilicho sahihi, kisha kilichokosewa, kisha chanzo kipya. Usibadilishe taarifa ya zamani kimyakimya, maana wakazi wawili watabishana huku kila mmoja akiwa na nakala tofauti yenye kichwa kilekile.

Kwa mfano wetu, mamlaka ikisogeza kazi mbele siku moja, mkazi asome hivi:

Marekebisho: Maji Mwembeni kukosekana kuanzia Ijumaa

Maji ya bomba katika Mtaa wa Mwembeni, upande wa chini ya barabara ya lami, yatakosekana kuanzia Ijumaa, Juni 13, 2025 saa 2:00 asubuhi hadi Jumamosi, Juni 14, saa 12:00 jioni. Taarifa ya awali ilitaja Alhamisi, Juni 12. Mamlaka ya Maji imesogeza kazi mbele kwa siku moja.

Chanzo: Ofisa wa zamu wa Mamlaka ya Maji, kwa simu, Juni 11, 2025 saa 9:15 alasiri.