Mauzo ya Oktoba, na sisi tuko Juni

Ninafanya hesabu za ghala la jumla pale Kikuubo, Kampala. Juni 2024 tajiri alitaka kujua kila mteja amenunua nini, na mwezi gani, tangu Januari. Nikaifungua kwa Eksel faili ya CSV iliyotoka kwenye mfumo wa ankara, kila bidhaa mstari wake, nikabonyeza Insert, kisha PivotTable. Mteja na Bidhaa nikaviweka Rows, Tarehe ikaenda Columns, Kiasi ikaenda Values. Kiasi hicho ni kabla ya VAT, maana ile asilimia 18 ni ya mamlaka ya kodi, URA, si mauzo yetu.

Nilipotaka kupanga kwa miezi, ikanijibu: Cannot group that selection. Nikitazama vichwa vya safu, naona hadi tarehe ya Oktoba 2024. Nani ameuza Oktoba, na sisi tuko Juni?

Kumbe kompyuta ilikuwa imewekwa kwa mtindo wa Marekani, mwezi kwanza. Ankara ya 10/03/2024, yaani tarehe 10 Machi, ikasomwa Oktoba 3. Ya 25/03/2024 haikusomeka kabisa, kwa kuwa hakuna mwezi wa 25, ikabaki maandishi. Ukiiangalia safu utaliona hilo kwa macho: zilizosomeka kuwa tarehe zimeegemea kulia, maandishi yako kushoto. Wengi hurekebisha zile za kushoto tu na kuona wamemaliza. Hapo ndipo balaa lilipo, kwa sababu zilizogeuzwa hazilalamiki, zinahamia mwezi mwingine kimyakimya.

Dawa safi ni kuileta faili upya na kuchagua DMY, yaani siku, mwezi, mwaka. Kama ya asili imepotea, ongeza safu mpya yenye fomula hii, tarehe zikiwa A:

```
=IF(ISNUMBER(A2),DATE(YEAR(A2),DAY(A2),MONTH(A2)),DATE(RIGHT(A2,4),MID(A2,4,2),LEFT(A2,2)))
```

Inazigeuza zilizosomwa vibaya na kuzijenga upya zilizobaki maandishi, mradi siku na mwezi vina tarakimu mbili. Jedwali la PivotTable lielekeze kwenye safu hiyo, kisha Group kwa Months na Years pamoja. Ukichagua Months peke yake, Januari ya mwaka huu itajumlishwa na ya mwaka jana.

Mteja wetu mmoja wa Mbale alitokea mara mbili, jina lile lile. Moja lilikuwa na nafasi mwishoni, TRIM ikalimaliza. Jumla yake ya kila mwezi ilikuwa imetulia, karibu milioni 6, hata tajiri hakuwa na wasiwasi naye. Lakini chini ya jina lake, mstari wa sabuni ulikuwa mtupu tangu Aprili, mafuta ya kupikia yakiwa yameongezeka. Nikabonyeza mara mbili seli ya sabuni ya Machi, ukafunguka ukurasa mpya wenye ankara zake. Ya mwisho ilikuwa katoni 40, na siku mbili baadaye katoni 12 zilirudishwa. Tajiri akachukua simu.